Mkono Usiingie Ndooni: Kipeperushi cha Maji Kinapogeuzwa Sauti

"Inashauriwa kuhakikisha kuwa maji yaliyotibiwa yanahifadhiwa katika vyombo safi vyenye mdomo mwembamba na mfuniko madhubuti, ili kuzuia uchafuzi wa pili unaoweza kujitokeza wakati wa uchotaji."

Sentensi za namna hii zimejaa kwenye vipeperushi vya afya. Hazina kosa la kitaalamu, na mganga akizisoma anatikisa kichwa kukubali. Lakini hebu sentensi hiyo isomwe kwa sauti kwenye kliniki ya mama na mtoto asubuhi ya Jumatatu, pale watoto wanapolia baada ya sindano na muuguzi anapoita majina mlangoni. Mama aliyekaa kwenye benchi ataambulia neno moja tu, "maji". Yafanyweje, hajui.

Kituo chenye televisheni ukutani hutamani kuweka video fupi ya kuwaelimisha wanaosubiri. Njia inayoonekana rahisi ni kumpa msomaji kipeperushi akisome huku picha zikipita. Kinachopatikana ni kipeperushi kilekile, ila sasa hakishikiki mkononi. Aliyepotea kwenye karatasi anaweza kurudi mstari wa juu aanze upya, lakini msikilizaji akipitwa, amepitwa.

Kwa hiyo kazi ya kuandika maneno ya sauti huanza na hesabu. Kiswahili kikisemwa kwa utulivu, kila silabi ikasikika, yanatoka takriban maneno 100 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu. "Wanayahifadhi" peke yake lina silabi sita. Video ya dakika 3 ina nafasi ya maneno 300, na ukitoa sekunde za kimya ambazo mtazamaji anazihitaji ili aone kitendo kikifanyika, yanabaki kama 240. Kipeperushi cha karatasi moja iliyokunjwa mara tatu hakikosi maneno 900. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kipeperushi lazima iachwe, na mwandishi asiyekubali kuacha kitu ataishia kumkimbiza msomaji mpaka asisikike.

Cha kuacha ni kipi? Kipeperushi cha kawaida kimepangwa kama somo la darasani: kwanza orodha ya magonjwa, kisha aina za vimelea, kisha vyanzo vya maji, kisha njia za kutibu maji, na mwisho kabisa, kwa herufi zilizobanana kwa sababu karatasi imekwisha, jinsi ya kuyahifadhi. Video inayohusu kuhifadhi maji inapaswa kuanzia hapo mwisho. Na ndani ya hapo mwisho kuna jambo moja linalostahili kubeba video nzima, nalo ni mkono wa mchotaji.

Ushahidi wake ni wa siku nyingi. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi iliyokuwa na wakimbizi kutoka Msumbiji, Les Roberts na wenzake waligawa ndoo za aina mpya kwa baadhi ya kaya, na kaya nyingine zikaendelea na ndoo zao za kawaida. Ndoo mpya ilikuwa na kifuniko na mdomo wa kumiminia, kiasi kwamba mkono haukuweza kugusa maji yaliyomo. Watafiti walipopima visima vya kambi walikuta maji yake yana uchafu mdogo sana au hayana kabisa. Yalikuwa yakichafuka muda mfupi tu baada ya kutekwa, hasa kwa kuguswa na mikono ya walioyateka. Katika kaya zenye ndoo mpya, bakteria wanaotokana na kinyesi walipungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulikuwa pungufu kwa asilimia 31. Takwimu ya kuhara haikuwa imara kama ile ya maji, kwani kulibaki uwezekano mdogo kwamba tofauti ile ilitokea kwa bahati. Ya maji haikuwa na shaka.

Kabla ya hapo, katika mitaa maskini ya jiji la Kolkata nchini India, watafiti walizipa familia zilizokuwa na mgonjwa wa kipindupindu mtungi wa udongo wa shingo nyembamba unaoitwa sorai. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1986: maambukizi ndani ya familia hizo yalipungua kwa karibu robo tatu yakilinganishwa na familia zilizoendelea na vyombo vyao vya mdomo mpana. Si kambini Malawi wala Kolkata ambako mtungi au ndoo ilitiwa dawa yoyote ili kupata matokeo hayo. Kilichobadilika ni umbo la chombo.

Mkazi wa Dar es Salaam anaelewa jambo hili likielezwa vizuri, kwa sababu analiishi. Nyumba nyingi zinanunua maji kwa madumu ya lita 20, kutoka kisimani kwa jirani au kwa kijana wa mkokoteni, na hata yenye bomba huweka akiba kwa ajili ya siku za mgao. Maji hukaa ndani siku moja, mbili, tatu. Yanapitia dumu, ndoo, sufuria, jagi na kikombe, na kila mahali pana mkono. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza jijini humo Agosti 2015, kisha ukasambaa mikoa mingine na Zanzibar, uliwakuta watu wengi wakitegemea maji ya akiba ya namna hiyo.

Uamuzi wa kwanza wa mwandishi, basi, ni kufuata safari ya maji nyumbani tangu yanapoingia mlangoni hadi yanapofika kinywani mwa mtoto. Magonjwa na majina ya vimelea hayamo. Mama aliyeleta mtoto kliniki hahitaji kuambiwa kwamba kuharisha ni kubaya. Anachohitaji ni kujua afanye nini na ndoo yake akifika nyumbani.

Uamuzi wa pili ni mgumu zaidi, na ndipo vipeperushi vingi vinapomwacha msomaji njiani. Karibu vyote vinasema tumia ndoo yenye koki. Ni ushauri mzuri. Ndoo yenye mfuniko na koki hufanya kazi hiyo vizuri kuliko chombo kingine chochote cha nyumbani, kwa kuwa maji yanatoka chini bila mtu kufungua juu. Lakini ndoo ya koki ni ghali kuliko ndoo ya kawaida, na koki ya bei ya chini huanza kuvuja baada ya miezi michache. Mama asiyekuwa nayo akisikia maneno hayo anahesabu kwamba video haimhusu, anageukia simu yake.

Ilhali chombo kingine anacho tayari. Dumu la plastiki, kubwa au dogo, ni chombo cha mdomo mwembamba. Mkono wa mtu mzima hauingii, kikombe hakiingii, na njia pekee ya kutoa maji ni kuyamimina. Tatizo la dumu liko kwingine. Kizibo hupotea, likazibwa kwa kipande cha nailoni au gunzi la muhindi. Na kwa kuwa mkono hauingii, ndani hakusuguliki, mpaka utelezi unajijenga ukutani mwa dumu bila mtu kuuona. Ukilinyanyua dumu tupu kuelekea juani unauona kama kivuli cha kijani au kahawia upande wa ndani, na ukiutikisa maji kidogo yanatoka na vipande vyembamba vinavyoelea. Utelezi huo ni makazi ya bakteria, na zaidi ya hapo hula dawa: klorini iliyokusudiwa kulinda maji inaishia kupambana na ukuta wa dumu. Dawa yake ni ya kienyeji na inafanya kazi. Mtu anatia mchanga safi wa chengachenga au changarawe ndogo, sabuni na maji kidogo, anafunga, anatikisa kwa nguvu kila upande, anamwaga, kisha anasuuza mpaka maji yatoke meupe.

Kitendo hicho kinapendeza kwenye picha. Mchanga unasikika ukigonga plastiki, na mtu akiangalia sekunde 10 tu ameshajua. Sauti haina haja ya kueleza kinachoonekana. Inaongeza tu kile ambacho picha haiwezi kusema, yaani mara ngapi kwa wiki.

Hapa ndipo ulipo mpaka kati ya kazi ya jicho na kazi ya sikio. Picha inaonyesha mkono ukifunika ndoo. Sauti inasema muda, kiasi na sababu. Ikiwa sauti inasema "mama anafunika ndoo" wakati mama anafunika ndoo, maneno matatu yamepotea, na kwa bajeti ya maneno 240 hiyo ni hasara. Kusubiri nusu saa, kwa upande wake, hakupigiki picha. Lazima kusemwe, na kusemwe mara mbili.

Kitu kingine ambacho karatasi haikijui ni kelele. Katazo la Kiswahili limekaa mwanzoni mwa kitenzi, tena ni fupi. "Usichovye kikombe" likisemwa mtoto anapopiga yowe, kinachofika benchi la nyuma ni "...chovye kikombe." Mtu anaondoka na agizo lililo kinyume kabisa. Hatari hiyohiyo iko kwenye picha: ukionyesha mtu akichovya kikombe kisha ukapiga alama ya kukataza, yule aliyeinua macho kwa sekunde mbili ameona mtu anachovya kikombe kwenye televisheni ya hospitali. Ni salama zaidi kuonyesha lililo sahihi peke yake na kulisema kwa kukubali. Mkono unabaki nje. Kikombe kinakaa chini ya koki. Maji yanamiminwa.

Suala la heshima nalo lina uzito. Kwenye ukumbi mmoja wanakaa binti wa miaka 19 na bibi aliyemleta mjukuu. Sauti ya kijana ikimwamrisha bibi "Sugua! Funika! Subiri!" itamkera, naye ana haki ya kukereka. Waandishi wazoefu huikwepa amri kwa kusema "tunasugua, tunafunika", kana kwamba anayesema yuko uani pamoja nao kazini.

Sasa sentensi ile ya mwanzo inaweza kurudi mezani pamoja na nyingine za kipeperushi, zikapangwa upya. Maneno ya sauti yanayotokana nazo yanaweza kusomeka hivi, kila mstari ukifuatiwa na kimya cha sekunde mbili au tatu:

"Haya ni maji ya kunywa. Yana ndoo yake peke yake.

Ndoo tumeisugua kwa sabuni, tumeisuuza.

Tunamimina maji ya dumu moja kubwa, lile la lita ishirini.

Tunatia kidonge kimoja cha kutibu maji. Tunafunika.

Tunasubiri nusu saa. Nusu saa nzima, ndipo dawa imalize kazi.

Sasa maji yako tayari. Kikombe kinakaa chini ya koki. Mkono unabaki nje.

Nyumbani hakuna ndoo ya koki? Dumu lenye kizibo linatosha. Tunamimina kwenye kikombe, tunarudisha kizibo.

Dumu tunalisafisha kwa mchanga na sabuni, kila wiki.

Maji ya kuchemsha nayo ni hivyohivyo. Yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yaingie kwenye ndoo ya kunywa.

Maji ya leo tunayanywa leo. Kesho tunatengeneza mengine."

Hayo hayafiki hata maneno 120, na kila mstari unasimama wenyewe. Hilo ni la lazima, kwa sababu video ya kliniki huzunguka kutwa na mtu huingia ukumbini ikiwa katikati. Mstari unaosema "baada ya hatua ya pili hapo juu" haumsaidii aliyekuta hatua ya tano.

Kila mstari pia una maelezo ya nyuma yake ambayo mwandishi anapaswa kuyajua hata kama hayasemi. Kidonge ni mfano. Vidonge vingi vinavyotumika kwa dumu kubwa vina miligramu 67 na vimekusudiwa lita 20 za maji maangavu, lakini vipo pia vidogo vya miligramu 33, na ipo dawa ya maji kwenye chupa inayopimwa kwa kizibo chake. Kipeperushi kilitaja miligramu; sauti haizitaji, kwa sababu hakuna anayepima miligramu jikoni. Inataja kidonge na dumu, na picha inaonyesha pakiti ileile inayogawiwa dirishani kwenye kituo hicho. Maji yakiwa na tope, huchujwa kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, na vidonge huwa viwili, kwa sababu tope hula klorini kama utelezi unavyofanya. Mstari huo unafaa kliniki iliyo karibu na mto au lambo. Mtaa wenye maji ya kisima kirefu unaweza kuuacha.

Neno "klorini" lenyewe limeachwa kwa makusudi. Baadhi ya wasikilizaji wakilisikia watakumbuka dawa ya kung'arishia nguo nyeupe iliyopo kabatini. Dawa hiyo ni kali mara kadhaa kuliko ya maji, na nyingine zimetiwa manukato na sabuni. "Kidonge cha kutibu maji" hakimpeleki mtu kabatini.

Mstari wa mwisho, wa kunywa maji ya leo leo, unatokana na kipimo. Wataalamu hutaka baada ya saa 24 maji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, ili mkono au kikombe kikipita kwa bahati mbaya, dawa iliyobaki iweze kupambana. Bwana afya hupima hilo kwa kutia kidonge cha kipimo kwenye maji kidogo: yakigeuka pinki, ulinzi upo. Baada ya siku moja hakuna wa kukuhakikishia. Maji yaliyochemshwa hayana hata ulinzi huo wa siku moja. Moto umeua vijidudu, lakini haukuacha mlinzi, na ndiyo sababu mama anayechemsha kwa bidii kila jioni halafu anachota kwa kikombe kutoka kwenye sufuria anaweza kupoteza kazi yake yote kabla ya asubuhi.

Wazee wengi watauliza habari za mtungi wa udongo, unaopoza maji vizuri kuliko plastiki yoyote. Swali lao lina jibu zuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Homa Bay nchini Kenya, akina mama wafinyanzi walishirikiana na mradi wa shirika la CARE kufinyanga mitungi ya mdomo mwembamba, yenye kifuniko na koki ya chuma chini. Maji yakabaki baridi na mkono ukabaki nje. Kasoro yake ni kwamba udongo humaliza klorini mapema kuliko plastiki. Kliniki ya mahali ambapo mtungi bado unatumika inapaswa kuuonyesha kwenye picha.

Maneno yakishaandikwa hayajakamilika mpaka yamejaribiwa, na kuuliza "mmeelewa?" si jaribio. Ukumbi mzima utajibu ndiyo. Jaribio la kweli linahitaji dumu tupu, ndoo, kikombe na pakiti ya vidonge. Mama aliyeitazama video mara moja anaombwa: "Mama, hebu tuonyeshe ungefanyaje nyumbani." Kisha anayeuliza ananyamaza na kuangalia mikono. Makosa yanayojitokeza hapo yanajirudia sana. Kuna anayetia kidonge kizima kwenye dumu la lita 5. Maana yake maneno "lita ishirini" hayakumfikia, na picha inahitaji kuweka dumu dogo na kubwa ubavuni mwa mwenzake. Kuna anayetia kidonge na papo hapo kumpa mtoto maji. Na kuna anayefanya yote vizuri mpaka mwisho, kisha anafungua mfuniko na kuchota kwa kikombe, koki ikiwa mbele yake, kwa sababu ndivyo mkono wake ulivyozoea tangu utoto. Akikosea mmoja, ni bahati mbaya. Wakikosea watatu mahali pamoja, mstari ndio wenye kosa, na unaandikwa upya.

Vilivyoachwa vina mahali pake. Kipeperushi kilikuwa na aya nzima kuhusu mbu wanaotaga kwenye mapipa na matangi, na aya hiyo ina maana kubwa kwa Dar es Salaam iliyopata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mbu aina ya Aedesi hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji hakutoshi bila kusugua. Hiyo ni video nyingine, ya pipa la maji ya kufulia na kuogea. Zikichanganywa, ndoo ya kunywa inapotea kati ya mapipa.

Siku ya kurekodi, mstari wa kidonge na ule wa dumu hurekodiwa kila mmoja peke yake, ukiwa na kimya mwanzoni na mwishoni. Bohari ikileta vidonge vya kipimo kingine, au aina ya dawa ya chupa, fundi anakata mstari huo mmoja na kupachika mpya kwa sauti ya msomaji yuleyule. Pakiti iliyo kwenye picha nayo hupigwa picha upya siku hiyohiyo, na video ya zamani huondolewa kwenye kifaa cha televisheni kabla mpya haijaanza kuonyeshwa.